Shajara ya mradi: tangazo la mgawanyo mpya wa majukumu na ruhusa za mafaili, hoteli ya pwani ya mashariki

Naandika hapa kidogo kidogo kila hatua ikimaliza, kwa sababu nna hakika kuna hoteli na ofisi nyingi huku Unguja ziko kama sisi tulivokuwa: seva moja ya Debian yenye Samba ya kugawana mafaili, imewekwa nyuma ya mapokezi, na akaunti moja inaitwa `hoteli` ambayo paswedi yake anaijua kila mtu mpaka walioacha kazi mwaka juzi. Nakala za pasipoti za wageni zilikuwa zinafunguliwa na jikoni, orodha ya mishahara iko folda ya jirani, na faili likiharibika huwezi kujua kaligusa nani maana kwenye logi wote ni `hoteli`.

Kazi yenyewe ya seva si kubwa, amri zake zinaingia kwenye karatasi moja. Kilichotutesa ni tangazo, yaani kuwaambia watu ni nini kinabadilika kwa kila kundi na ukikosa kitu unamwambia nani. Kwa hiyo huko ndo nitakaa zaidi.

Tumeichagua masika kusudi, wageni wachache, mvua inanyesha, watu wana nafasi ya kukaa na kusikiliza.

Aprili 22, Jumanne: nani anafanya nini

Utawala walitupa orodha ya vyeo wakasema gaweni kwa hiyo. Haikufaa. Cheo kinasema "msaidizi wa stoo" lakini mtu mwenyewe ndie anaepokea samaki alfajiri, ndie anaehesabu mitungi ya gesi, na dereva asipokuwepo ndie anaetumwa Darajani kununua. Ukimpa ruhusa kwa cheo chake atakwama kabla ya chai ya saa nne.

Tukabadilisha, tukazunguka mtu kwa mtu. Swali la kwanza lilikuwa "unahitaji folda gani?" na jibu la kila mtu likawa zote, haya si jibu baya, mtu anaogopa kukosa. Swali lililofanya kazi ni "juzi umefungua faili gani, na umeandika nini ndani yake?" Hapo mtu anakumbuka kweli. Bi Mkubwa wa vyumba alikuwa amesema anahitaji folda tano, kumbe anaandika faili moja tu la hali ya vyumba, hizo nyengine alikuwa anapita njia kulifikia hilo.

Tukaishia na makundi sita: mapokezi, vyumba, jikoni na baa, stoo na manunuzi, uhasibu, utawala. Folda moja kwa kila kundi na moja ya wote inaitwa PAMOJA. Mtu mwenye kazi mbili anaingia makundi mawili, hatukuunda kundi la saba kwa ajili yake. Angalau ndo tulivofikiri wakati huo, tazama Mei 14.

Mei 5, Jumatatu: seva

Kabla ya lolote bakapu nzima kwenye diski ya nje, tukaichomoa tukaiweka kabatini. Halafu kila mtu akaunti yake ya Linux na paswedi yake ya Samba. Ni mbili tofauti, ukimfungulia ya Linux ukasahau `smbpasswd -a` hataingia na seva inaweza kumwambia paswedi si sahihi, atakaa anajilaumu bure. Mfano wa folda moja kwa kundi linaloandika, nyengine zote ni vivyo hivyo, na penye kundi linalosoma tu inawekwa kama BEI, tazama Mei 19:

```
sudo groupadd g_uhasibu
sudo adduser jina
sudo smbpasswd -a jina
sudo usermod -aG g_uhasibu jina
sudo chgrp -R g_uhasibu /srv/hoteli/uhasibu
sudo find /srv/hoteli/uhasibu -type d -exec chmod 2770 {} +
sudo find /srv/hoteli/uhasibu -type f -exec chmod 0660 {} +
```

Na kwenye `smb.conf`:

```
[UHASIBU]
   path = /srv/hoteli/uhasibu
   valid users = @g_uhasibu
   read only = no
   create mask = 0660
   directory mask = 2770
```

Mambo mawili hapa. Ile 2 ya mbele kwenye 2770 inafanya faili jipya lichukue kundi la folda badala ya kundi la mtu alieliandika. Bila hiyo mhasibu wa kwanza anaandika leo, mwenzake kesho anafungua anakataliwa, na wote wawili wako kundi moja, utaumwa kichwa.

La pili ni `-aG`. Kijana anaenisaidia aliandika `usermod -G` bila ile a, na amri hiyo haiongezi kundi, inafuta yote ya nyongeza aliyokuwa nayo mtu inamuachia hilo moja ulilolitaja. Haitoi onyo wala nini. Mtu wa mapokezi aliyeongezwa uhasibu akawa wa uhasibu tu, mapokezi kafutwa. Tuliliona kwa sababu tuna desturi ya kupiga `id jina` kila baada ya kumgusa mtu, tukaona kundi moja pale yanapotakiwa mawili. Kama unafuata shajara hii basi hiyo `id` usiiruke.

Mei 8, Alkhamisi: tangazo la kwanza, halikufaa

Rasimu ya kwanza iliandikwa ofisini kwa utawala. Nainukuu yote maana ni fupi na nadhani kila ofisi inayo kama hiyo:

"Wafanyakazi wote mnataarifiwa kuwa kuanzia wiki ijayo uongozi utaanzisha muundo mpya wa majukumu katika mfumo wa taarifa kwa lengo la kuimarisha usalama na uwajibikaji. Kila mfanyakazi atapewa ruhusa kulingana na nafasi yake. Kwa maelezo zaidi wasiliana na ofisi."

Ikabandikwa ubao wa kantini na ikatumwa wasap. Watu wakaweka dole gumba, basi. Mchana nikakaa kantini nikamuuliza mzee wa stoo, "Mzee, tangazo umelisoma?" Akanambia, "Nimelisoma mwanangu, wanataka kupunguza watu." Dada wa baa yeye alielewa kwamba anahamishwa idara. Na ukilitazama vizuri hawakukosea, "muundo mpya wa majukumu" kwa mtu anaefanya kazi kwa mkataba wa msimu maana yake ni hiyo hiyo, nani anabaki na nani anakwenda. Neno faili halimo hata mara moja. Siku halimo, ni "wiki ijayo". Na hiyo "ofisi" ni ipi, tunazo tatu.

Tukaliondoa siku hiyo hiyo, na meneja mwenyewe akaenda kantini wakati wa chakula akasema kwa mdomo kwamba hakuna anaepunguzwa. Hilo lilikuwa la lazima kabla ya kuandika jengine.

Mei 12, Jumatatu: tangazo la pili

Safari hii tulianza na kipimo. Mtu anasoma sehemu yake, halafu unamuuliza "kesho ukifika kazini utafanya nini tofauti?" Akijibu sawa sehemu yake imeandikwa vizuri, akisita tunaandika upya, yeye haulizwi tena. Sehemu ya stoo iliandikwa upya zaidi kuliko nyengine zote, na kila tukiandika tunagundua kwamba tatizo si lugha, ni kwamba sisi wenyewe hatujaamua nani anaandika oda na nani anapokea mzigo. Utawala ikabidi wakae waamue kwanza.

Hili ndo lililotoka:

> TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE
>
> Kazi ya mtu haibadiliki, mshahara haubadiliki, hakuna anaehamishwa. Kinachobadilika ni namna ya kufungua mafaili ya hoteli kwenye kompyuta. Kuanzia kesho Jumanne Mei 13 saa 4 asubuhi unaingia kwa jina lako na paswedi yako. Jina la `hoteli` halitumiki tena.
>
> MAPOKEZI: Unaandika MAPOKEZI kama kawaida (buking, pasipoti, bili). Folda za UHASIBU na UTAWALA hutozifungua tena. Ukimaliza zamu unatoka kwa jina lako, anaekuja anaingia kwa lake.
>
> VYUMBA: Anaeingia kwenye kompyuta ni msimamizi wa zamu. Wengine hakibadiliki kitu, karatasi ya vyumba itachapishwa saa 2 asubuhi kama siku zote. Kitu cha mgeni kilichosahaulika mwambie msimamizi akiandike, usiende kukiandika kompyuta ya mapokezi.
>
> JIKONI NA BAA: Unaandika JIKONI. Huandiki STOO tena, ukichukua mzigo mtu wa stoo ndie anaeandika na wewe unasaini.
>
> STOO NA MANUNUZI: Unaandika STOO. Alieandika oda ya mzigo hapokei mzigo huo huo. Kama uko peke yako zamu hiyo, anaepokea ni msimamizi wa jikoni na anasaini karatasi, wewe unaingiza kwenye kompyuta baadae.
>
> UHASIBU: Unaandika UHASIBU. STOO na MAPOKEZI unasoma tu, ukiona kosa unamwambia mwenye folda arekebishe.
>
> UTAWALA: Unaandika UTAWALA (mikataba, mishahara, likizo). UHASIBU unasoma tu.
>
> WOTE: PAMOJA tunaandika wote. Humo usiweke pasipoti, mishahara wala namba za kadi za wageni.
>
> UKIKOSA KITU UNACHOKIHITAJI KWA KAZI: Mwambie kwanza msimamizi wako wa zamu. Msimamizi anamuomba mwenye folda (jina lake liko kwenye orodha pembeni ya tangazo hili). Mwenye folda akikubali, anamwandikia mtu wa kompyuta nae anakuwekea. Mtu wa kompyuta hana mamlaka ya kukubali wala kukataa. Ukiomba sema mambo matatu: folda gani, unataka kusoma tu au kuandika, na maneno yaliyotokea kwenye skrini. Piga picha ya hayo maneno, lakini si ya taarifa za mgeni. Ukishaongezewa, toka kabisa kwenye kompyuta uingie tena, bila hivyo hutoiona.
>
> Usimwombe mwenzako paswedi yake, na usimpe yako hata akiwa bosi.

Ile sentensi ya mtu wa kompyuta hana mamlaka niliipigania mwenyewe. Watu wanakuja dirishani kwangu, ni jamaa zangu, tunakaa mtaa mmoja, siwezi kumwambia mtu hapana kwa folda isiyokuwa yangu. Na siwezi kumwambia ndio pia.

Meneja alitaka aandike kila pahala. Tukakubaliana anasoma zote, anaandika UTAWALA na PAMOJA. Hakufurahi sana ila alielewa pale tulipomwambia kwamba kirusi kikiingia kwenye laptopu yake kitaharibu kila anapoweza kuandika.

Tangazo limewekwa ubaoni, na kwa wasap msimamizi wa kila kundi karikodi sauti akisoma sehemu ya watu wake tu. Bi Mkubwa wa vyumba sauti yake ilifanya kazi kuliko karatasi, watu wake wengi hawashiki kompyuta na karatasi ndefu hawana hamu nayo.

Mei 13, Jumanne: siku ya kuhama

Jumanne kwa sababu Ijumaa watu wanaondoka mapema msikitini, mwisho wa mwezi kuna mishahara, na Jumatatu ndo mzigo wa mjini unaingia. Saa 4 kwa sababu wageni wa kutoka wameshalipa na wa kuingia hawajafika. Umeme ulikatika saa 3 na robo ukarudi kabla ya saa 4, seva iko kwenye betri haikuzimika, swichi ya mtandao haikuwa kwenye betri ikazimika. Tumeihamishia huko na yeye.

Matatizo yalikuwa mawili makubwa.

La kwanza Windows. Kompyuta zilikuwa zinakumbuka paswedi ya `hoteli`, mtu akijaribu kuingia kwa jina lake inamwambia `Multiple connections to a server or shared resource by the same user, using more than one user name, are not allowed`. Windows haikubali majina mawili kwa seva moja kwa wakati mmoja. Dawa ni kukata miunganisho yote na kufuta paswedi iliyohifadhiwa, halafu mtu atoke aingie:

```
net use * /delete
cmdkey /list
cmdkey /delete:SEVA
```

Hapo kwenye `SEVA` weka jina lile lile unaloliona kwenye `cmdkey /list`, maana baadhi ya kompyuta zilikuwa zimehifadhi kwa jina na nyengine kwa namba ya aipii, ukifuta moja nyengine inabaki.

Kompyuta ya mapokezi ilikuwa ngumu zaidi maana wanaitumia zamu zote na akaunti ya Windows ilikuwa moja. Kama Windows ni moja basi alieunganisha asubuhi ndie anaeonekana kaandika mpaka usiku, yaani tumerudi kule kule kwa `hoteli` kwa jina jengine. Ikabidi kila mtu wa mapokezi afunguliwe akaunti yake ya Windows pale. Kisha wakawa wanabadilishana kwa `Switch user` bila kutoka, jioni kompyuta ina watu watatu ndani inatambaa. Ndo maana tangazo linasema unatoka, si unabadilisha, na tumebandika kikaratasi kwenye kioo.

Tatizo la pili tulilitengeneza kwa nia njema. Tuliweka `access based share enum = yes` ili mtu asione kabisa folda asizoruhusiwa, tukaona itapunguza maswali. Kabla ya adhuhuri simu zikaanza: "mafaili yamefutwa!" Mtu alizoea kuona folda saba leo anaona mbili, na ile herufi ya diski ya zamani haipo, unategemea afikirie nini? Dada mmoja wa mapokezi alikuwa anakaribia kulia, miaka yake ya kumbukumbu za buking anadhani zimepotea, na zilikuwepo tu ndani ya MAPOKEZI.

Tukaiondoa ile amri mchana huo huo. Sasa folda zote zinaonekana, ukibonya isiyokuwa yako inakwambia huna ruhusa. Mlango uliofungwa unajulikana ni mlango. Na kwenye tangazo tukaongeza mstari juu kabisa, kwa herufi nene: HAKUNA FAILI LILILOFUTWA. Simu zikakata.

Kwa anaepokea malalamiko, tumejifunza kuyatenganisha kwa maneno ya skrini kabla ya kuinuka kwenye kiti. Akiambiwa paswedi si sahihi, ni paswedi au hana akaunti ya Samba. Akiambiwa `Access is denied` au hana ruhusa, jina lake limekubaliwa ila kundi silo, au kaongezwa kundi hajatoka akaingia tena. Akiambiwa njia ya mtandao haikupatikana basi si suala la ruhusa kabisa, angalia waya na swichi. Ndo sababu tangazo linadai picha ya maneno, mtu akikwambia "inakataa" tu hujui uanzie wapi.

Mei 14, Jumatano: saa 7 usiku

Mkaguzi wa usiku ndie anaefunga siku. Baada ya usiku wa manane anachukua mauzo ya mapokezi, baa na mgahawa, anayalinganisha na risiti, anaandika jumla kwenye faili la mauzo ya siku ambalo asubuhi wahasibu wanaanzia hapo. Kwa cheo ni mtu wa mapokezi, kwa hiyo kawekwa mapokezi. Faili la mauzo liko ndani ya UHASIBU. Tulipomhoji Aprili alikuwa off, alieulizwa ni mwenzake anaemshikia siku mbili kwa wiki na huyo anaandika karatasini.

Akakataliwa. Tangazo linamwambia amwambie msimamizi wa zamu, na usiku msimamizi wa zamu ni yeye. Mwenye folda kalala mjini. Basi akampigia mtu wa uhasibu akapewa paswedi, siku ikafungwa, na tangazo letu lina siku moja tu tayari limevunjwa kwenye mstari wake wa mwisho. Mimi simlaumu, hesabu haingoji jua.

Jibu la haraka lilikuwa kumtia g_uhasibu, na tulikataa kwa sababu humo mna malipo ya wauzaji na barua za benki, na mtu anaefunga hesabu ya siku hatakiwi kuweza kurekebisha vitabu vya siku zilizopita. Tukalitoa faili la mauzo ya siku tukalitengenezea folda yake FUNGA_SIKU, kundi g_funga, ndani yake wakaguzi wa usiku na wahasibu. Kwa hiyo kundi la saba limezaliwa, na limezaliwa kwa kazi, si kwa mtu.

```
[FUNGA_SIKU]
   path = /srv/hoteli/funga_siku
   valid users = @g_funga
   read only = no
   create mask = 0660
   directory mask = 2770
```

Angalizo: faili ukilihamisha kwa `mv` linakuja na kundi lake la zamani, ile 2 ya mbele haisaidii kwa faili lililokwishakuwepo. Piga tena `chgrp` na `chmod` baada ya kuhamisha, bila hivyo mkaguzi anaiona folda, analiona faili, halifunguki.

Tangazo likaongezwa sehemu mbili. Moja ya mkaguzi wa usiku. Ya pili ya usiku kwa jumla: baina ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi ukikosa kitu ambacho bila yake mgeni hahudumiwi au siku haifungwi, mpigie meneja wa zamu ya dharura, yeye anaweza kukubali kwa niaba ya mwenye folda, na asubuhi mwenye folda anathibitisha au anaondoa. Kingine chochote kinangoja asubuhi. Na yule alietoa paswedi yake kabadilisha.

Mei 19, Jumatatu: bei ya pweza

Hili halikutoa kosa lolote kwenye skrini, ndo maana nalipa nafasi. Mpishi mkuu ana faili la Excel la gharama za sahani, anaingiza gramu za pweza, samaki, nazi, mchele, na bei zinakuja zenyewe kutoka faili la bei lililokuwa UHASIBU. Baada ya kuhama jikoni hawaoni UHASIBU. Excel ikifungua inauliza usasishe viungo au usisasishe, watu wanabonya hapana waendelee, na yenyewe inabaki na bei za mwisho ilizozikumbuka. Hakuna sifuri, hakuna nyekundu, namba ziko nzuri kabisa, ila ni za kabla ya Mei 13.

Aliegundua ni mpishi mwenyewe, pweza kapanda soko la wavuvi na kwenye faili lake hajapanda. Ukitaka kujua kama na wewe yamekukuta, fungua faili nenda `Data` halafu `Edit Links`, chanzo kisichofikika kitaonekana pale ukibonya `Check Status`. Fanya hivyo kwa kila faili la hesabu linalotumiwa na kundi zaidi ya moja, KABLA ya kuhama.

Dawa: bei zimepata folda yake, wahasibu wanaandika, jikoni na stoo wanasoma, na viungo vya faili la mpishi vinaelekezwa huko kwa `Change Source` pale pale kwenye `Edit Links`.

```
[BEI]
   path = /srv/hoteli/bei
   valid users = @g_uhasibu @g_jikoni @g_stoo
   read only = yes
   write list = @g_uhasibu
   create mask = 0664
   directory mask = 2775
```

Hapa folda ni 2775 na faili 0664, si kama ule mfano wa Mei 5, maana jikoni hawamo kwenye kundi la folda na lazima "wengineo" waweze kusoma. Anaezuia asiehusika ni `valid users`. Kwenye tangazo sehemu ya jikoni imeongezwa: bei unazisoma BEI, ukiona bei imepitwa mwambie uhasibu, usiiandike juu kwa mkono kwenye faili lako.

Mei 27, Jumanne: kuifunga akaunti ya `hoteli`

Tuliiacha hai wiki mbili kusudi, ili tuone nani bado anaitumia. `sudo smbstatus -b` ilionyesha hakuna. Nashukuru hatukuiamini peke yake, maana inaonyesha walioko ndani sekunde ile tu. Tukaongeza `log level = 1 auth_audit:3` kwenye `[global]`, tukaacha siku chache, kisha tukatafuta:

```
sudo grep -rF '[hoteli]' /var/log/samba/
```

Akatokea mtumiaji mmoja mwaminifu: mashine ya skani ya mapokezi. Inaingia sekunde chache, inaweka pasipoti ya mgeni, inatoka. Hakuna mtu aliyeitaja kwa sababu si mtu, na sisi tulihoji watu. Imepewa akaunti yake `skana`, inaandika kwenye kifolda kimoja ndani ya MAPOKEZI basi.

Kisha `sudo smbpasswd -d hoteli`. Inaizima tu, haiifuti, ikitokea jambo `-e` inairudisha. Halijatokea.

Juni 3, Jumanne: gharama, na yaliyobaki

Diski ya nje ya bakapu 190,000/=. Kuchapisha na kulaminisha matangazo matoleo yote 34,000/=, tungesubiri Mei 19 tungelaminisha mara moja tu, kwa hiyo wewe bandika karatasi kavu mwanzo. Chakula cha waliobaki usiku 45,000/=. Programu zote za seva ni za bure. Gharama kubwa ni saa za watu, hasa utawala kuamua la stoo.

Maombi ya ruhusa sasa yanaandikwa daftarini mapokezi ya ofisi: tarehe, nani, folda, kusoma au kuandika, nani kakubali, mpaka lini. Ile "mpaka lini" tumeiongeza wiki iliyopita baada ya mtu kushika nafasi ya mwenzake wa likizo na ruhusa kubaki. Mwenye folda ya STOO kasafiri kwenda Pemba bila kuacha naibu na maombi mawili yalikaa siku tatu, kwa hiyo orodha ya pembeni ya tangazo sasa kila folda ina majina mawili.

Kilichobaki ni wafanyakazi wa msimu, wanaingia baada ya Mfunguo Tatu. Tunataka sehemu ya kundi lake mtu aipate mkononi siku anasaini mkataba, pamoja na paswedi ya kuanzia ambayo lazima aibadilishe, na tarehe ya mwisho wa mkataba iingie daftarini siku hiyo hiyo ili tujue lini tunapiga `smbpasswd -d`. Utawala wamekubali, fomu bado haijaandikwa.